Dokezo la raki lililorudishwa, na lile lililopita

(Hotuba kwa watunza ghala na maofisa ugavi, Dar es Salaam)

Ndugu zangu watunza ghala, maofisa ugavi, na nyinyi vijana mnaosomea kazi hii, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwaomba wakurugenzi fedha za vifaa vya ghala. Nitazungumzia dokezo moja tu, nililoliandika mara mbili. Mara ya kwanza lilirudishwa. Mara ya pili lilipita kwenye kikao kisichozidi dakika arobaini. Raki zilizoombwa zilikuwa zilezile na ghala lilikuwa lilelile. Kampuni sitaitaja, na tarakimu nimezizungusha kidogo ili zishikike kichwani, lakini mpangilio wake ndio uliokuwamo.

Kwanza muione hali yenyewe. Sisi tunasambaza bidhaa za dukani: sabuni, mafuta ya kupikia, unga wa watoto, juisi. Sehemu yetu ya kuhifadhia ina mita 36 kwa 35, na kutoka sakafuni hadi chini ya kenchi ni mita 7 na nusu. Mzigo wote ulikuwa unakaa chini, paleti juu ya sakafu, na panapowezekana paleti juu ya paleti. Sabuni inavumilia kubebeshwa nyenzake mara moja. Mafuta pia, ukiwa na katoni nzuri. Unga wa watoto haubebeshwi kitu. Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu kulikuwa na mita nne, tano za hewa tupu, na huku tumekodi ghala la pili Vingunguti, mita za mraba 800, kwa sababu "tumejaa".

Dokezo langu la kwanza lilianzia kwenye hiyo hewa. Nilipiga ujazo wa jengo, nikapiga ujazo wa mzigo, nikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya jengo haitumiki. Nikaambatanisha picha za raki kutoka kwenye katalogi ya muuzaji, fremu za bluu na boriti za rangi ya chungwa, kurasa tisa zinazopendeza. Mkurugenzi wa fedha alisoma ukurasa wa kwanza, akauliza swali moja: "Hewa hiyo tunailipia kodi?" Nikasema hapana, kodi ni kwa mita ya mraba. Akafunga faili.

Alikuwa na haki. Nafasi iliyookolewa si fedha mpaka pawepo mahali ambapo mtu anaacha kuilipia. Na saa zilizookolewa si fedha mpaka pawepo malipo yanayopungua mwisho wa mwezi. Ukimwandikia mkurugenzi kwamba raki zitaongeza matumizi ya ujazo kwa asilimia kadhaa, umemwambia jambo la kweli ambalo hawezi kulifanyia chochote. Niliporudi ofisini niliamua dokezo la pili lisiwe na tarakimu yoyote ambayo haiwezi kufuatiliwa hadi kwenye hati ya malipo.

Ila kabla ya fedha ilibidi nijue ukweli wa sakafu, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopita mbio.

Kwenye mchoro wetu sakafu ilikuwa na nafasi 520 za paleti. Kwa kuwa baadhi ya bidhaa zinapandishwa mbili na nyingine moja, wastani wetu ulikuwa 1.6. Zidisha, unapata 832. Kwa hiyo kwenye karatasi ghala lilikuwa linachukua paleti 832, na kila mtu pale ofisini aliamini hivyo. Lakini kila tulipofika paleti 560 hivi, mtunza ghala alikuwa anapiga simu kusema hakuna pa kuweka. Mkurugenzi wa uendeshaji alidhani ni uzembe wa kupanga.

Mimi na huyo mtunza ghala, mama ambaye amekaa kwenye kazi hii muda mrefu kuliko mimi, tulichukua chaki. Kwa wiki nne, kila siku saa mbili asubuhi kabla malori hayajaanza kupakia, tulizunguka tukihesabu. Chukua mstari mmoja wa sabuni: kina cha paleti sita, kwenda juu mbili, jumla 12. Zote ni za toleo moja, tarehe moja ya mwisho wa matumizi. Jana zimetoka tatu. Zimebaki tisa, na mbele ya mstari kuna mashimo matatu. Je, unaweza kuweka hapo mafuta? Ukiweka, umeifungia sabuni nyuma yake, na kesho sabuni inatakiwa. Unaweza kuweka sabuni ya toleo jipya? Ukiweka, la zamani litakaa nyuma mpaka liishe muda wake. Kwa hiyo yale mashimo matatu yanabaki mashimo mpaka mstari mzima utoke. Yule mama alikuwa anayatia chaki nyeupe sakafuni, kila shimo alama moja. Ulipopanda kwenye ngazi ya ofisi ya juu na kutazama chini, uliona ghala limejaa alama nyeupe huku kila mtu akisema limejaa mzigo.

Wiki nne zile, wastani wa juu tuliofikia siku ambazo kweli hakuna pa kuweka ulikuwa paleti 560. Theluthi moja ya nafasi za kwenye karatasi ilikuwa mashimo. Hakukuwa na uzembe wowote. Ndivyo mzigo wa kupanga chini unavyofanya ukiwa na bidhaa nyingi na matoleo mengi. Ukiwa na bidhaa mbili tatu zinazotoka kwa wingi, kupanga chini kunafaa sana na wala usiombe raki. Sisi tulikuwa na bidhaa zaidi ya tisini.

Na siku hizohizo tulihesabu jambo la pili. Kila foklifti ilipotoa paleti iliyoandikwa kwenye oda, kijana mmoja alikuwa anapiga mstari. Ilipotoa paleti isiyoombwa ili tu kufikia iliyoombwa, alipiga mstari kwenye safu nyingine, na ilipoirudisha akapiga tena. Kwa kila paleti 100 zilizoombwa, foklifti ilifanya miendo 165. Hizo 65 ni kuchimba na kufukia. Tulikuwa tunatoa paleti 2,000 hivi kwa mwezi, kwa hiyo miendo 1,300 ya bure, na kila mmoja ulikuwa unachukua kama dakika tatu. Ni saa 65 za foklifti kwa mwezi, pamoja na dereva na wasaidizi wake wawili waliosimama wakisubiri.

Ndugu zangu, kwenye hesabu hii kuna mtego. Kishawishi ni kuzidisha saa 65 kwa mshahara wa watu watatu, kuongeza dizeli, na kuandika kwamba kampuni itaokoa kiasi fulani. Lakini dereva ameajiriwa. Saa zake zikipungua, mshahara wake haupungui, na sikuwa na nia ya kumwondoa mtu kazini. Kwa hiyo nilikwenda kwa mhasibu wa mishahara, nikaomba ovataimu ya ghala ya miezi 12, nikatenganisha siku ambazo ovataimu ilitokana na kuchelewa kupakia na siku ambazo ilitokana na meli au ukaguzi. Ile ya kuchelewa kupakia, pamoja na dizeli yake, ilikuwa kama shilingi milioni 9 kwa mwaka. Hiyo ndiyo niliyoandika. Saa nyingine nikazitaja kwa sentensi moja: zitatuwezesha kupakia malori kabla ya saa nne asubuhi. Sikuzipa bei.

Sasa ghala la Vingunguti. Hapa fedha ilikuwa wazi. Kodi shilingi 11,000 kwa mita ya mraba kwa mwezi, mara mita 800, ni milioni 8.8 kwa mwezi, yaani milioni 105.6 kwa mwaka. Kuhamisha mzigo kati ya maghala mawili, safari kama 45 kwa mwezi, kila moja shilingi 120,000 za gari na wapakiaji, ni milioni 5.4 kwa mwezi, milioni 64.8 kwa mwaka. Walinzi milioni 14.4. Ukijumlisha na ile ovataimu unapata milioni 193.8.

Zile safari 45 zilimshtua kila mtu kikaoni. Kodi wote walikuwa wanaijua kwa sababu inalipwa kwa hundi moja kubwa. Safari zilikuwa zinalipwa vipandevipande kwa vocha za fedha ndogo, na hakuna aliyewahi kuzikusanya mahali pamoja. Ukirudi kazini kwako, anza na vocha hizo.

Upande wa pili wa mizani ni gharama, na gharama za raki si raki peke yake. Wenzangu wengi huchukua bei ya muuzaji wakaiandika. Sisi tulianza na kupima.

Raki tuliyochagua ni ile ya kawaida, ambayo kila paleti inafikiwa bila kugusa nyingine. Ipo raki ya kuingia ndani kabisa na foklifti, inabeba mzigo mwingi zaidi kwenye eneo lilelile, lakini paleti ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Kwa unga wa watoto wenye tarehe, hiyo ingeturudisha kwenye kuchimba na kufukia. Tuliiacha, na nikaeleza kwenye dokezo kwa nini, kwa sababu nilijua muuzaji wa pili angempelekea mkurugenzi bei yake ya chini.

Paleti zetu ni za mita 1.2 kwa mita 1. Ukiziweka mbilimbili kati ya nguzo na nguzo, boriti inahitaji urefu wa mita 2.3, na ukiongeza unene wa nguzo, kila chumba kinakula mita 2.4. Mzigo na paleti yake una kimo cha mita 1.45. Ongeza nafasi ya kuinulia na unene wa boriti, kila ngazi inakuwa mita 1.7. Kwa hiyo paleti moja sakafuni na tatu juu yake, boriti ya juu kabisa ikiwa kwenye mita 5.1, na kilele cha mzigo mita 6.55. Kenchi iko mita 7.5. Inabaki karibu mita moja kwa taa na kwa mlingoti wa foklifti kuinua bila kugonga.

Njia kati ya raki na raki ndiyo inayoamua kila kitu. Foklifti yetu ya kawaida inahitaji kama mita tatu na nusu hadi nne ili igeuke na mzigo. Richi traki, ile ambayo dereva hukaa ubavu na uma unasogea mbele na nyuma, inatosheka na mita 2.9. Kwenye upana wa mita 35, tofauti hiyo ya njia ilikuwa ndiyo safu mbili za raki. Kwa hiyo richi traki haikuwa anasa, na nilihakikisha dokezo linaionyesha pamoja na raki kama ombi moja. Ukiomba raki mwaka huu na mashine mwaka ujao, utapata raki zenye njia ambayo foklifti yako haipiti.

Tukapata safu 12, kila moja paleti 104, jumla 1,248. Ondoa vyumba vinavyogongwa na nguzo za jengo, mlango wa dharura, bomba la maji ya kuzimia moto na njia ya kukatisha katikati: zikabaki 1,160. Na hata hizo 1,160 hazijai zote. Ghala la raki linalotumika kwa asilimia zaidi ya 90 linaanza kukosa mahali pa kupokea mzigo mpya wakati wa zamani haujatoka. Asilimia 90 ya 1,160 ni 1,044. Mzigo wetu wa wastani ulikuwa paleti 900, yaani 560 kwetu na 340 Vingunguti, na kilele kabla ya Ramadhani kilikuwa 1,050. Niliandika hivyohivyo: kwa wiki mbili za kilele, paleti chache zitakaa kwenye eneo la kupokelea. Ningeweza kuongeza safu moja ili namba ipendeze, lakini njia zingebana.

Kisha sakafu. Hili naomba mlisikilize kwa makini zaidi ya fedha. Paleti yetu nzito ina kilo 900. Kila chumba kina paleti sita juu ya boriti, tani 5.4, kwa sababu zile mbili za chini zinalala sakafuni zenyewe. Fremu ya katikati inabeba nusu ya chumba cha kulia na nusu ya cha kushoto, kwa hiyo tani 5.4 zote zinashuka kwenye miguu miwili. Mguu mmoja, tani 2.7, na kitako chake cha chuma hakizidi kiganja cha mkono. Mzigo uleule uliokuwa umetawanyika juu ya mita nzima ya zege sasa unasukuma mahali pa kiganja. Tulimleta mhandisi akatoboa sakafu sehemu nne. Zege lilikuwa la sentimita 15 lenye nondo, likatosha, isipokuwa sehemu mbili karibu na mlango ambapo lilikuwa limepasuka na chini yake udongo umetitia. Sehemu hizo zilivunjwa na kumwagwa upya. Kama tungefunga raki bila kupima, nguzo za pale mlangoni zingeanza kuinama taratibu, na raki inayoinama huvuta jirani zake.

Gharama ikawa hivi, bila VAT: raki na kuzifunga milioni 151, richi traki na chaja yake milioni 85, sakafu, taa na kinga za nguzo milioni 24. Na paleti milioni 15. Hizi paleti nilizisahau kabisa kwenye dokezo la kwanza. Paleti iliyovunjika ubao mmoja inakaa sakafuni bila shida, lakini ukiiweka juu ya boriti mbili kwenye mita tano, ubao ukikatika mzigo unashuka juu ya mtu. Tulihesabu paleti zetu na karibu 500 hazikufaa kupanda juu. Jumla kuu milioni 275.

Na raki zinaleta matumizi mapya: huduma ya richi traki, umeme wa kuchaji, ukaguzi wa raki kila mwaka, kubadilisha kinga na boriti zinazogongwa. Niliweka milioni 17.8 kwa mwaka. Ukitoa kwenye 193.8, akiba halisi ni milioni 176. Milioni 275 kwa milioni 176 ni kama miezi 19.

Katoni zinazopondeka kwa kubebeshwa nazo tulikuwa nazo kwenye daftari la hasara, milioni 2.1 kwa mwezi. Sikuziingiza kwenye hesabu kuu. Niliziandika chini ya mstari, kwamba nategemea zipungue lakini siahidi kiasi.

Hapo dokezo lilikuwa na tarakimu. Lakini naamini lilipita kwa sababu ya tarehe.

Mkataba wa Vingunguti ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, na kodi tulikuwa tunalipa miezi sita mbele. Ilani ya kuondoka ilitakiwa itolewe miezi mitatu kabla, yaani si zaidi ya mwisho wa Machi. Muuzaji alisema raki zinatoka nje kwa meli, wiki kumi hadi kumi na mbili mpaka zitoke bandarini. Kufunga ni wiki mbili kama ghala ni tupu. Ghala letu halikuwa tupu. Huwezi kufunga raki mahali palipolala sabuni. Ilibidi tufunge safu tatu tatu, tukihamisha mzigo wa safu hizo kwenda Vingunguti, kisha tuupandishe kwenye raki mpya, tufungue sehemu inayofuata. Kwa hiyo lile ghala la kukodi ambalo tulitaka kuliacha ndilo lililotuwezesha kufunga, na lilikuwa letu mpaka Juni tu. Hesabu ya kurudi nyuma kutoka Juni ilinileta mwanzoni mwa Februari. Dokezo liliingia wiki ya pili ya Januari.

Niliandika wazi: uamuzi ukipitishwa kabla ya tarehe 10 Februari, tunaondoka Vingunguti Juni. Ukichelewa, tutalipa miezi sita mingine, milioni 52.8, na mradi uleule utakuwa umepanda bei kwa kiasi hicho bila raki kuongezeka hata moja. Kwenye dokezo la kwanza wakurugenzi hawakuwa na sababu ya kuamua siku ile badala ya mwaka ujao. Kwenye la pili walikuwa nayo.

Aya ya kwanza ya dokezo nitawasomea kama ilivyokuwa, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi:

"Naomba idhini ya shilingi milioni 275 kufunga raki na kununua richi traki moja, ili kampuni iache ghala la Vingunguti mwisho wa Juni. Malipo yatakayokoma ni milioni 193.8 kwa mwaka. Matumizi mapya ni milioni 17.8. Fedha inarudi ndani ya miezi 19. Uamuzi unahitajika kabla ya tarehe 10 Februari kwa sababu ya ilani ya mkataba na muda wa meli."

Zilizofuata ni kurasa mbili na jedwali moja. Michoro na ripoti ya mhandisi vilikuwa viambatisho.

Kikaoni mkurugenzi wa fedha aliuliza swali zuri kuliko yote, na bahati nilikuwa nimeliandaa. Alisema, "Badala ya kununua chuma cha kupangia mzigo, kwa nini msipunguze mzigo?" Nilimwonyesha orodha ya bidhaa ambazo hazijatoka kwa siku 90: paleti 110. Nikasema hizo tunaziondoa, raki zije zisije. Lakini 900 ukitoa 110 ni 790, na sakafu yetu inabeba 560. Bado tungehitaji Vingunguti. Kama jibu lingekuwa 550, ningepaswa kuliondoa dokezo mwenyewe. Kila anayeomba raki lazima apite kwenye swali hili kabla hajaulizwa, maana kuna maghala yanayoomba raki za kuhifadhia vitu vya kutupa.

Akauliza pia, na ukikosea? Nikawa na mistari mitatu. Gharama ikipanda asilimia 15, miezi 21 na nusu. Akiba ya safari za gari ikitokea nusu tu, miezi 23. Yote mawili yakitokea, kama miezi 26. Akasema miezi 26 anaweza kuishi nayo. Kura ikapita.

Raki zilitoka bandarini mwezi Mei. Wiki ya kwanza ya kufunga ilikuwa ngumu, mzigo ulikuwa unakwenda Vingunguti na kurudi, na mauzo walilalamika. Tulifunga vibao vya uzito kwenye kila safu, kilo kwa kila jozi ya boriti, na tukakataza mtu yeyote kushusha au kupandisha boriti bila kumuuliza muuzaji, kwa sababu ukibadilisha kimo cha boriti ya kwanza, nguvu ya nguzo inabadilika. Kila Ijumaa yule mama anapita na rula ya mita moja, anaiegemeza kwenye nguzo zilizogongwa. Pengo kati ya rula na chuma likifika milimita kadhaa, anafunga utepe mwekundu, mzigo unashushwa, fundi anaitwa. Nguzo ya raki ni bati jembamba lililokunjwa. Nguvu yake iko kwenye unyoofu wake.

Baada ya miezi sita nilirudi kwa wakurugenzi na ukurasa mmoja bila kuitwa. Kodi ilikuwa imekoma na walinzi wa kule wameondoka. Safari 45 zimekuwa sifuri. Miendo kwa kila paleti 100 zilizoombwa imeshuka kutoka 165 hadi 108. Zile nane ni za kusawazisha na kurudisha paleti zilizobaki nusu. Ovataimu ilipungua kwa kiasi kidogo kuliko nilivyoandika, kwa sababu miezi miwili ya mwanzo madereva walikuwa bado wanajifunza richi traki, na niliandika hivyo. Na katoni zilizopondeka, zile nilizoziweka chini ya mstari, hazikupungua kwa nusu kama nilivyotegemea. Zilipungua kwa robo. Tulipofuatilia tukakuta hasara kubwa iliyobaki haitokani na kupangana. Inatokea kwenye paleti za wauzaji wetu wenyewe, zinazofika na mzigo umezidi kingo, na pembe za katoni zinakwaruza nguzo wakati wa kuingizwa. Sasa ninaandika dokezo lingine, la mashine ya kuzungushia plastiki, na nipo kwenye wiki ya tatu ya kuhesabu katoni.

Asanteni. Nipo hapa mpaka saa sita, mwenye mchoro wa ghala lake aulete tuutazame pamoja.